Hesabu ya kuku aliyefika sokoni

Mpango wangu wa kwanza wa kufuga broila niliuandika kwenye ukurasa mmoja wa daftari la shule, Desemba 2022, nyumbani kwangu Kibaha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, hesabu nafundisha, kwa hiyo sikuona haja ya kumwonyesha mtu. Vifaranga 500 kwa shilingi 1,600 kila mmoja, ni 800,000. Chakula mifuko 30 ya kilo 50 kwa wastani wa 70,000, ni 2,100,000. Chanjo na dawa 80,000, mkaa 60,000, maranda 30,000. Jumla 3,070,000. Nikagawa kwa 500, nikapata kuku mmoja atanigharimu shilingi 6,140. Sokoni wakati ule kuku wa nyama alikuwa anauzwa 7,500. Mara 500 ni 3,750,000. Faida 680,000 kwa wiki tano.

Milioni mbili nilikopa kwenye kikoba chetu, zilizobaki zilikuwa akiba yangu. Banda lilikuwa tayari, mita sita kwa tisa, ukuta wa tofali hadi kiunoni na juu wavu.

Kila namba niliyoiandika niliipata kwa kuuliza, na hakuna hata moja niliyoibuni. Hata ile mifuko 30 ya chakula ilikuwa sahihi. Hata hivyo bechi ile ilinitia hasara ya shilingi 919,000, na ilinichukua muda mrefu kujua hasara hiyo ilitoka wapi. Nilidhani ilitoka kwa kuku waliokufa, lakini sehemu kubwa zaidi ilitoka kwingine.

Vifaranga waliingia wiki ya pili ya Januari 2023. Gari lilichelewa, wakafika saa tatu usiku. Bruda, ile sehemu ya joto ya kulelea vifaranga, nilikuwa nimeitengeneza kwa mabati na maboksi, maranda nimetandaza, juu yake magazeti, lakini jiko la mkaa nililiwasha pale pale walipofika. Hilo lilikuwa kosa langu kubwa la kwanza. Hewa ilipata joto baada ya nusu saa, ila sakafu na maranda vilibaki baridi, na kifaranga wa siku moja hupoteza joto kupitia miguuni na tumboni. Wakaanza kurundikana karibu na jiko. Nikafunga pazia zote ili joto lisitoke, na moshi wa mkaa nao ukakosa pa kutokea. Asubuhi nilikuta tisa chini ya rundo, wamelaliwa na wenzao. Siku zilizofuata wakaendelea kufa wawili, wanne, watatu. Hawa walikuwa dhaifu, wamejikunyata, makalio yamegandwa na kinyesi. Wiki ilipoisha nilikuwa nimewapoteza 31.

Siku hizi jiko linawashwa muda wa saa sita kabla ya gari kufika. Nachukua mkono wangu nauweka juu ya maranda, na maranda yenyewe lazima yawe na joto. Kipimajoto kinaning'inia usawa wa mgongo wa kifaranga, kikisoma nyuzi 32 hadi 34. Nikishawapa maji na chakula nasubiri muda wa kama saa nane, kisha nachukua vifaranga 20 kutoka pande mbalimbali, namgusa mmoja mmoja kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Kikiwa kimejaa na ni laini, amekula na amekunywa. Kikiwa kigumu, amekula lakini maji hajayaona. Kikiwa kitupu, ana baridi au hajui chombo kilipo. Wakiwa watano kati ya 20 ni watupu, silali. Naongeza vyombo, naongeza magazeti yenye chakula juu yake, naangalia joto upya.

Wiki ya tatu kuhara damu kukaingia. Chanzo nilikiona mwenyewe: maranda yaliyozunguka vyombo vya maji yalikuwa yamelowa mpaka yanashikana kama ugali, na vimelea vya ugonjwa ule hupenda unyevu na joto. Dawa ikafanya kazi, nikabadilisha maranda, wakafa 14 tu.

Pigo la tatu lilikuja siku ya 31, mwezi Februari. Wanaoishi ukanda wetu wa Pwani wanalijua joto la huo mwezi. Mchana sikuwepo, nilikuwa darasani. Nilikuwa nimewajazia chakula saa nne asubuhi ili wasiishiwe mpaka nirudi. Nikarudi saa kumi, nikakuta kuku waliokuwa wazima, wenye vifua vikubwa, wamekufa, wamelala kifudifudi na mabawa wameyatanua. Walikuwa 22. Waliobaki walikuwa wanahema mdomo wazi.

Jirani yangu, mama mmoja mtu mzima aliyefuga tangu watoto wake wako shule ya msingi, alikuja kunipa pole. Nilimwamkia, akaitika marahaba, halafu hakuangalia kuku waliokufa. Aliangalia vyombo vya chakula.

"Mwanangu, uliwalisha saa ngapi?"

Nikamwambia.

"Kuku akila, mwili wake unapata moto kwa kile chakula. Huo moto unakuja kuwa mkali ukipita muda wa saa nne au tano hivi tangu ale. Umewapa moto wa ndani ukutane na jua la saa tisa."

Tangu siku ile, kuanzia Desemba hadi Machi, kuku wangu wakishapita wiki ya tatu naviinua vyombo vya chakula juu saa nne asubuhi na kuvishusha saa kumi jioni. Chakula wanakila alfajiri na usiku, taa ikiwa inawaka. Maji nabadilisha mara tatu mchana ili yawe ya baridi. Pia miezi hiyo siweki 500. Banda langu lina mita za mraba 54. Kwa 500 ni zaidi ya kuku tisa kwa kila mita, na kwenye joto ni wengi mno. Naweka 420.

Kwa hiyo siku ya 33, siku ambayo mpango wangu ulisema nauza, nilikuwa na kuku 433. Vifo 67. Nilihuzunika, lakini nilijua bado kuna fedha bandani. Walikuwa wazuri, wastani wa kilo moja na gramu mia nane wakiwa hai.

Dalali alifika kesho yake, siku ya 34. Akapita katikati yao, akamwinua mmoja, akampima kwa mkono.

"Mwalimu, hawa bado wadogo. Wape siku tatu nne nitarudi na gari."

Nilimwamini, kwa kuwa sikuwa na mwingine wa kumpigia simu. Alirudi siku ya 39. Akasema Dar es Salaam kuku wamejaa, Kisutu na Shekilango kote wamejaa, anaweza kutoa 6,500. Akachukua 250. Waliobaki 183 nikawa nawauza wawili, kumi, ishirini kwa siku, kwa 7,000, mpaka banda likaisha siku ya 44.

Yule dalali simlaumu sana, alikuwa kwenye biashara yake. Alijua jambo ambalo mimi mwalimu wa hesabu sikuwa nimelihesabu. Kuku wa umri ule anakula karibu gramu 165 kwa siku. Kuku 433 wanakula kilo 71 kwa siku, na kilo moja ya chakula ilikuwa shilingi 1,400. Hiyo ni shilingi 100,000 kila jua linapochomoza. Siku tano nilizomsubiri zilinila nusu milioni, na uzito ulioongezeka haukunilipa kitu, kwa sababu kwetu broila huuzwa kwa kichwa. Kuku aliyenenepa zaidi alikwenda kwa bei ndogo kuliko yule mwembamba wa wiki iliyopita.

Jioni moja mwezi Machi nilikwenda kwa yule mama na daftari langu. Nilikuwa nimeandika kila kitu. Chakula kiliishia mifuko 38 badala ya 30, yaani 2,660,000. Dawa 145,000, mkaa 110,000, maranda 50,000, usafiri ambao sikuwa nimeuandika kabisa 60,000, na vifaranga 800,000. Jumla 3,825,000. Mauzo yote 2,906,000.

Akaniuliza, "Kuku wako mmoja amekugharimu kiasi gani?"

Nikagawa kwa 500, nikamwambia 7,650.

"Waliokufa walikulipa?"

Nikagawa tena, safari hii kwa 433. Ikatoka 8,834.

Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nitenganishe hasara: wafu peke yao, bei peke yake, matumizi peke yake. Nikafanya pale pale kwenye meza yake. Kati ya faida ya 680,000 niliyoitarajia na hasara ya 919,000 niliyoipata kulikuwa na tofauti ya 1,599,000. Kuku 67 ambao sikuwauza, kwa bei niliyotarajia ya 7,500, ni 502,500. Bei kushuka kwa wale niliowauza ni 341,500. Na matumizi yaliyozidi mpango ni 755,000, ambamo 560,000 ni chakula peke yake. Kuchelewa kuuza kulikuwa kumenigusa mara mbili, kwenye chakula na kwenye bei, na kwa pamoja kulinila kuliko magonjwa, baridi na jua vyote vikijumlishwa. Nami mwezi mzima nilikuwa nawalilia wale 22.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mifuko 30 ilikuwa sahihi kwa sharti moja ambalo sikuliandika, kwamba kuku watoke siku ya 33. Namba ya chakula bila tarehe ya kuuza haina maana yoyote.

Kuna jambo jingine alilonifundisha usiku ule kuhusu wafu, ambalo sijaliona likiandikwa kwenye mipango mingi ninayoonyeshwa na wenzangu. Watu huandika "vifo asilimia 5" wakamaliza. Lakini kifaranga anayekufa siku ya tatu amekula konzi ya chakula. Ameondoka na bei yake ya 1,600 na kidogo juu yake, tuseme 1,800. Kuku anayekufa siku ya 31 amekwisha kula karibu kilo mbili na robo tatu za chakula, amepata chanjo zote, amewashiwa mkaa. Huyo ameondoka na karibu 5,900. Wale vifaranga wangu 31 wa wiki ya kwanza waliondoka na kama shilingi 56,000 za matumizi. Wale 22 wa alasiri moja waliondoka na karibu 130,000. Idadi ndogo, fedha zaidi ya mara mbili.

Kwa sababu hiyo fungu la vifo nalivunja vipande viwili. Asilimia 3 naiweka kwa siku kumi za mwanzo, asilimia 2 kwa siku zote zinazofuata. Kwenye vifaranga 500 ni 15 na 10. Daftari la vifo linakaa bandani, limefungwa kwa kamba kwenye nguzo, na kila asubuhi anaandikwa aliyekufa na alivyokutwa. Wakishapita 15 kabla ya siku ya kumi, najua ni joto la bruda au ni vifaranga wenyewe walikuja wabovu, na ikiwa wengi wamekufa siku mbili za kwanza wakiwa na kitovu kibichi chenye harufu, nampigia aliyeniuzia siku hiyo hiyo. Baada ya siku ya kumi, wakifa watatu kwa siku moja siendelei kubahatisha dawa, nampigia mtaalamu wa mifugo. Miezi ya joto fungu lote nalipandisha kuwa asilimia 7, na nyongeza yote naiweka kwenye kipande cha pili, kile cha gharama.

Mpango ninaoutumia sasa nauandika kutoka mwisho. Kwanza naandika tarehe ya kuuza, siku ya 31 hadi 33, na majina ya wanunuzi mbele ya tarehe hiyo. Nikikosa majina ya kutosha nusu ya banda, vifaranga siagizi. Kisha bei wanayonipa, kisha kuku wangapi watakuwa hai, ndipo nije kwenye gharama.

Nitautoa mmoja kamili, wa bechi ya katikati ya 2024, iliyokwenda karibu sana na karatasi. Vifaranga 500 kwa 1,600 ni 800,000. Muuzaji huwa anaongeza wawili kwa kila boksi la mia, hao siwahesabu. Chakula ni mifuko 30: mifuko 10 ya starta ya vifaranga kwa 72,000, na mifuko 20 ya finisha ya kumalizia kwa 68,000, jumla 2,080,000. Hesabu yake ni kilo 3.1 kwa kuku mpaka siku ya 33, mara kuku 475, pamoja na kidogo walichokula waliokufa. Chanjo na dawa 100,000. Humo mna chanjo ya kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, pamoja na vitamini na dawa ya kuhara damu. Mkaa 75,000, maranda 35,000, maji na umeme 30,000, kijana anayenisaidia nikiwa shuleni 80,000. Mwisho 60,000 ya banda na vyombo. Hii ya mwisho wafugaji wengi hawaiandiki. Banda na vyombo vilinigharimu 2,400,000. Nimevipa miaka minane, bechi tano kwa mwaka, ndiyo bechi 40. Kila bechi inalipa sehemu yake, na fedha hiyo naiweka kando kweli, kwa sababu wavu utaoza na bati litatoboka.

Jumla ni 3,260,000. Nagawa kwa 475 wanaofika sokoni, siyo 500. Kuku mmoja ni shilingi 6,863.

Upande wa mauzo, 200 walikwenda kwa vijana watatu wa chipsi kwa 7,200. Hao wanataka kuku mdogo, wa kukatwa robo nne zinazolingana, na ndio ninaoanza nao siku ya 31. Mama lishe wawili na mwenye hoteli moja ndogo walichukua 175 kwa 7,400. Mia waliobaki, wakubwa kuliko wote, waliuzwa kwa majirani na walimu wenzangu kwa 7,800, wengine wakiwa wamechinjwa tayari. Jumla 3,515,000, wastani wa 7,400. Faida 255,000, yaani shilingi 537 kwa kuku.

Najua kuna atakayesoma hiyo 537 akasema ni ndogo, mbona fulani anasema kuku mmoja ana faida ya elfu mbili. Naomba amuulize huyo fulani kama ameandika banda, kijana, na waliokufa. Mimi hiyo 537 ndiyo iliyobaki mkononi baada ya kila mtu kulipwa.

Halafu niliichukua faida hiyo ya 255,000 nikaijaribu kwa maswali manne, moja baada ya jingine, na majibu yake ndiyo yanayoniongoza mpaka leo. Vifo vikiongezeka mara mbili, wakafa 25 zaidi wiki ya kwanza, napoteza mauzo ya 185,000 lakini nabaki na chakula ambacho wangekula, cha kama 104,000. Nimeumia kwa 81,000. Wakifa hao hao wiki ya tano, chakula kimekwisha liwa na karibu yote 185,000 imekwenda. Mfuko wa chakula ukipanda shilingi 5,000, mifuko 30 inachukua 150,000. Bei ya kuku ikishuka shilingi 500, zinaondoka 237,500 na nabaki na pungufu ya elfu ishirini. Na kuku wote 475 wakikaa siku tatu zaidi, wanakula finisha ya karibu 320,000, na nimeingia hasara hata kama hakuna aliyekufa na bei haijashuka.

Siku tatu tu zinashinda vifo kuongezeka mara mbili. Ndiyo maana nguvu zangu nyingi sasa zinakwenda kwenye simu kuliko kwenye dawa. Siku ya 20 nawapigia wanunuzi wote na kuwaambia uzito waliofikia. Siku ya 27 nawapigia tena kuthibitisha idadi. Nikiona kuna 100 hawana mwenyewe, naanza kuwatangaza hapo hapo wakiwa bado wanakula kidogo. Nina friza moja ya kuazima kwa dada yangu inayobeba kuku 60 waliochinjwa, kwa ajili ya wale wasiopata mtu. Kuku aliye kwenye friza anakula umeme kidogo tu, aliye bandani, kwa bei za bechi ile, alikuwa anakula shilingi 224 kwa siku.

Uzito nao siuachi ukanishangaza. Kila wiki napima kuku 20 wa kuokota popote, siyo wale walio karibu na mlango, maana hao ndio wachangamfu na wazito. Kwa chakula ninachotumia, siku ya 7 nataka gramu 160, siku ya 14 gramu 400, siku ya 21 gramu 800, siku ya 28 kilo 1.3. Nikikuta siku ya 14 wako gramu 330, najua tarehe yangu ya kuuza imesogea, na kila siku inayosogea nimekwisha ijua bei yake. Mara moja nilikuta hivyo, nikatafuta ugonjwa kwa siku mbili bila kuuona, kisha nikaupima mfuko wa chakula wenyewe. Ulikuwa kilo 47. Kwa mifuko 30 ingekuwa kilo 90 ambazo nimelipia na kuku hawajazila. Siku hizi mizani inakwenda nami dukani, na wauzaji wameshanizoea.

Kuchanganya chakula mwenyewe nilijaribu kwa bechi moja ili kupunguza bei. Sikufaulu, nami sitamshawishi mtu asijaribu, ila nitasema kilichotokea. Mahindi na pumba nilipata kwa bei nzuri, soya nikainunua mbichi na kuisaga bila kuikaanga vya kutosha. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia kuku kumeng'enya protini. Kilo ilipungua bei kwa karibu shilingi 200, lakini kuku walifika kilo 1.8 siku ya 41. Akiba yote ya bei ililiwa na siku nane za nyongeza. Ninachofanya sasa ni kufuata msimu: mahindi yakishavunwa, kuanzia Juni hivi, bei ya mfuko hutulia, na hapo ndipo ninapoweka bechi kubwa. Kununua chakula cha miezi mitatu na kukirundika sifanyi, kwa unyevu wa huku kwetu sumukuvu huingia kabla hujaona ukungu kwa macho.

Januari siuzi. Wazazi wana ada na sare, nawaona kila siku shuleni, na mama lishe wangu wenyewe huniambia sahani ya kuku inarudi jikoni. Kwa hiyo mwishoni mwa Novemba vifaranga siingizi, hata kama muuzaji ananipigia. Wanaolenga Krismasi inawapasa vifaranga wawe bandani kufikia tarehe 20 Novemba, na waliochelewa kwa wiki moja ndio wanaouza kwa bei ya dalali sikukuu ikishapita. Januari banda langu linakuwa tupu, limepigwa chokaa, pazia zimefuliwa. Mkopo wa kikoba niliumaliza kwenye bechi ya nne.

Ninapoandika haya nina bechi iliyoko siku ya 24. Vifo kwenye daftari ni 13, kumi kati yao siku kumi za mwanzo. Jana nilipima, wako kilo moja na gramu 20. Vijana wa chipsi wamethibitisha 180, mama lishe mmoja ameomba 60, mwenye hoteli yuko safarini na simu yake haipatikani. Nina kuku kama 100 ambao bado hawana mtu, na Jumamosi nikitoka sokoni nitapita kwa mama mmoja wa Mlandizi ambaye nimesikia amefungua jiko la kuchoma kuku karibu na stendi.